Kubadili Jina na Nenosiri la Waifai Bila Kupoteza Balbu, Printa na Runinga

Kila kifaa kinachotumia waifai nyumbani hutunza mambo matatu kuhusu mtandao wake: jina, nenosiri na aina ya ulinzi. Umeme unaporudi baada ya kukatika, runinga au balbu haimwulizi mtu. Hutafuta hewani jina ililolizoea, na ikilipata huthibitisha kwa ruta kwamba inalijua nenosiri, kisha huingia. Jina hulinganishwa herufi kwa herufi, pamoja na nafasi na tofauti ya herufi kubwa na ndogo, hivyo "Nyumbani" na "nyumbani" ni mitandao miwili isiyojuana. Katika ulinzi wa WPA2, ambao umekuwapo tangu mwaka 2004 na ndio unaokutwa katika nyumba nyingi, ufunguo wenyewe hukokotolewa kutokana na jina na nenosiri kwa pamoja. Kimoja kikibadilika, ufunguo wa zamani haufungui tena.

Kutokana na hilo yanapatikana mambo mawili. La kwanza ni kwamba jina na nenosiri vikibaki vilevile, hata ruta nzima ikibadilishwa vifaa havitambui tofauti. Mtu aliyehamia kampuni nyingine ya intaneti na kuletewa ruta mpya hana haja ya kuzunguka nyumba akiunganisha kifaa kimoja kimoja. Anaipa ruta mpya jina la zamani, nenosiri la zamani na aina ileile ya ulinzi, na balbu zinarudi zenyewe ndani ya dakika chache. La pili ni kinyume chake: nenosiri likibadilishwa kwa sababu limesambaa kwa majirani, wapangaji waliohama au wageni wa mwaka jana, kila kifaa bila ubaguzi kitabaki nje mpaka kifundishwe upya. Hali hii ya pili ndiyo huleta fujo, na ndiyo inayohitaji mpangilio.

Nenosiri peke yake, au pamoja na jina?

Wengi hubadili nenosiri tu na kuliacha jina, wakidhani wamepunguza kazi. Kazi haipungui. Kila kifaa kinaendelea kuliona jina kinalolijua, kinajaribu nenosiri la zamani, kinakataliwa, kisha kinajaribu tena. Simu huandika kwamba nenosiri si sahihi, na mwenye simu anaweza kuandika jipya. Balbu haina kioo cha kuandikia chochote. Inabaki kuonekana imekufa ndani ya programu yake ya simu, wala hakuna dalili ya nje inayoonyesha sababu.

Jina likibadilishwa pamoja na nenosiri, mambo huwa wazi zaidi. Kifaa kilichohamia kinaonekana kwenye jina jipya, na ambacho hakijahama hakionekani. Zaidi ya hayo, jina la zamani linakuwa huru kutumika kama daraja la muda, mbinu ambayo itaelezwa baadaye.

Jina jipya liwe fupi, la herufi za kawaida na tarakimu. Kiwango cha juu ni herufi 32. Jambo moja linawahusu hasa wanaoandika Kiswahili: jina lenye kibainishi, kama "Ng'ambo", huleta taabu. Likiandikwa kwa simu ya iPhone, alama ile iliyonyooka inaweza kugeuzwa yenyewe kuwa alama iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Printa inayotaka jina liandikwe kwa mkono haitaweza kulipata. Ni salama zaidi kuchagua jina lisilo na alama hiyo.

Nenosiri linaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63. Linapochaguliwa inafaa kukumbuka kwamba litaandikwa kwa rimoti ya runinga, herufi moja baada ya nyingine. Nenosiri la herufi kumi zinazochanganya kubwa, ndogo na alama huwalazimu watu kubadilisha kibodi ya kwenye kioo kila mara, na hapo ndipo makosa huingia. Maneno manne yasiyohusiana, yakiandikwa kwa herufi ndogo tu bila nafasi, mfano "kijikodhorubapapaimlango", yanafika herufi 24. Ni magumu kubahatisha kwa sababu ya urefu wake, na ni mepesi kuandika. Mfano huo sasa umechapishwa, kwa hiyo kila nyumba ichague maneno yake.

Kuhesabu kabla ya kugusa

Nyumba moja ya kupanga Tabata, Dar es Salaam, inaweza kuwa kielelezo. Mtandao wake unaitwa "TABATA-4F". Ndani mna simu nne, kompyuta moja, runinga moja, printa moja na balbu janja nne, tatu kati yake zikiwa sebuleni kwenye swichi moja. Jumla ni vifaa 11. Mwenye nyumba anapofungua ukurasa wa ruta na kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, anaona mistari 13.

Ukurasa huo hufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida kwa kuandika anwani ya ruta. Mara nyingi anwani huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1, na hupatikana kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Kwenye simu ya Android imeandikwa katika maelezo ya mtandao penye neno "Gateway", na kwenye iPhone penye neno "Router". Kwenye kompyuta ya Windows, amri ifuatayo huionyesha katika mstari wa "Default Gateway":

```
ipconfig
```

Ukurasa ukifunguka huomba jina na nenosiri la msimamizi. Hilo si nenosiri la waifai. Nalo huwa chini ya ruta, na kama bado ni lile la kiwandani inafaa libadilishwe siku hiyohiyo. Jirani aliyekuwa ndani ya mtandao anaweza kufungua ukurasa huohuo.

Katika orodha, simu na kompyuta huonekana kwa majina yanayotambulika. Balbu mara nyingi huonekana kwa jina linaloanza na "ESP_" likifuatwa na herufi na tarakimu, kwa sababu balbu nyingi za bei nafuu zimejengwa juu ya chipu za Espressif. Nyumba ya Tabata ina mistari minne ya aina hiyo, na inalingana na balbu zake. Mistari miwili iliyozidi ni simu zisizojulikana. Kabla ya kumtuhumu mtu ni vizuri kujiridhisha, kwani ruta nyingine huendelea kuorodhesha vifaa vilivyokwisha kuondoka, na simu za siku hizi hutumia anwani za kubuni zinazoweza kuifanya simu moja ihesabiwe mara mbili. Orodha hii iandikwe kwenye karatasi. Mwisho wa kazi itatumika kama hesabu.

Ndani ya ruta

Kama kuna waya wa mtandao, kompyuta iunganishwe kwa waya. Anayebadili jina akiwa kwenye waifai hukatwa mara tu anapobonyeza "Save", na ukurasa unabaki umeganda. Huko si kuharibika. Ruta imekwisha kuhamia jina jipya na simu bado inalitafuta la zamani.

Sehemu inayotafutwa huitwa "Wireless", "Wi-Fi" au "WLAN". Jina la mtandao liko penye "SSID", na nenosiri liko penye "Password" au "Pre-Shared Key". Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na katika nyingi kila moja lina ukurasa wake. Kosa la kawaida ni kubadili moja na kusahau la pili, kisha kushangaa kwa nini majirani bado wamo. Yabadilishwe yote mawili.

Masafa haya ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya balbu. Karibu balbu zote janja, na printa nyingi, husikia gigahezi 2.4 peke yake. Kwa hiyo masafa hayo yasizimwe. Aina ya ulinzi nayo ichaguliwe kwa uangalifu: "WPA2-PSK" yenye "AES", au mchanganyiko wa "WPA2/WPA3". Ikichaguliwa WPA3 pekee, ambayo ilitangazwa mwaka 2018, balbu na printa za zamani zitaliona jina lakini hazitaingia, hata nenosiri likiwa sahihi.

Nenosiri la msimamizi likisahaulika, kuna kitufe kidogo kilichozama nyuma ya ruta ambacho kikibonyezwa kwa sindano kwa takriban sekunde kumi huirudisha katika hali ya kiwandani. Kwenye ruta za faiba, kitendo hicho kinaweza kufuta pia mipangilio iliyowekwa na kampuni ya intaneti, na nyumba ikabaki bila intaneti kabisa. Ni vyema kuipigia kampuni kwanza.

Daraja la siku moja

Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, unaoandikwa "Guest Network". Ukipewa jina la zamani, nenosiri la zamani na ulinzi wa WPA2, kwenye gigahezi 2.4, vifaa vyote ambavyo bado havijahamishwa vinaingia humo vyenyewe. Katika nyumba ya Tabata, mtandao mkuu unapewa jina "Mwembeni", na "TABATA-4F" linahamishiwa kwa wageni. Taa za sebuleni zinaendelea kutii programu yake, na mwenye nyumba anahamisha kifaa kimoja kimoja bila haraka.

Daraja hili lina mipaka miwili. Kwanza, mtandao wa wageni hutenganishwa na mtandao mkuu, na mara nyingi hata vifaa vilivyomo havionani. Balbu nyingi hazisumbuki, kwa kuwa simu huzifikia kupitia intaneti, lakini printa iliyobaki upande wa wageni haionekani na kompyuta iliyohamia upande mkuu. Kwa sababu hiyo printa isiachwe darajani. Pili, wale wote wanaolijua nenosiri la zamani nao watapita. Daraja lifungwe jioni ileile. Ruta isipokuwa na mtandao wa wageni, au mwenye nyumba asipotaka mtu wa nje abaki hata kwa saa moja, kazi hufanyika bila daraja, kwa utaratibu uleule.

Utaratibu wenyewe ni kuanza na vifaa vyenye kioo na kumalizia na visivyonacho. Simu ziwe za kwanza, kwa sababu balbu na printa zisizo na kioo zitafundishwa kupitia simu iliyokwisha kuingia kwenye mtandao mpya. Kompyuta ifuate.

Runinga

Runinga ndiyo rahisi zaidi. Katika mipangilio hufunguliwa sehemu ya mtandao, huchaguliwa jina jipya, na nenosiri huandikwa kwa rimoti. Ikiwa daraja limewekwa, runinga iambiwe pia ilisahau jina la zamani, kwa chaguo linaloandikwa "Forget" katika runinga nyingi. La sivyo, umeme ukikatika na kurudi, inaweza kurudi kwenye jina la zamani.

Dalili ya runinga iliyokwama upande usio sahihi ni hii: video inacheza vizuri, lakini simu inayotaka kurusha picha kwenye runinga haiioni. Maana yake ni kwamba intaneti ipo pande zote mbili, ila simu na runinga haziko kwenye mtandao mmoja. Runinga iliyo karibu na ruta yaweza kuunganishwa kwa waya, na tangu hapo jina la waifai haliihusu tena.

Printa

Printa yenye kioo ina sehemu ya kuunganisha waifai. Kwenye HP huitwa "Wireless Setup Wizard" na kwenye Epson "Wi-Fi Setup". Huorodhesha mitandao inayosikika, na linalobaki ni kuchagua jina na kuandika nenosiri. Printa isiyo na kioo huunganishwa kwa programu ya simu ya mtengenezaji, au kwa njia ya WPS: hubonyezwa kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha cha printa kabla dakika 2 hazijapita. Njia ya WPS haifanyi kazi kwenye ulinzi wa WPA3.

Taa ya waifai ya printa ikitulia bila kumetameta, imeingia. Hata hivyo kompyuta inaweza kuendelea kuandika "Offline", na hapo wengi hurudia kuunganisha waifai bila mafanikio. Kosa haliko kwenye waifai tena. Kila kifaa kinapoingia hupewa na ruta anwani ya namba, nayo yaweza kuwa tofauti na ya awali. Ikiwa printa ilikuwa 192.168.1.23 na sasa ni 192.168.1.31, kompyuta bado inapeleka kurasa zake 23, ambako hakuna anayezipokea. Jambo hili huhakikishwa kwa kuchapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe: una jina la mtandao na anwani. Jina likiwa sahihi na anwani ikiwa mpya, dawa ni kuiondoa printa kwenye orodha ya kompyuta na kuiongeza upya. Ili lisijirudie, ruta nyingi zinaweza kuitengea printa anwani moja ya kudumu.

Balbu

Balbu hubaki mwisho kwa sababu haina kitufe wala kioo. Swichi ya ukutani ndiyo lugha yake pekee. Kuzimwa na kuwashwa haraka mara kadhaa mfululizo, tatu hadi tano kutegemea mtengenezaji, huiambia isahau mtandao na isubiri maelekezo. Hapo huanza kumetameta upesi. Hii pia ndiyo sababu balbu nyingine huanza kumetameta zenyewe siku ambayo umeme unakatika na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika moja: imedhani kuna mtu kwenye swichi.

Balbu tatu za sebuleni zikiwa kwenye swichi moja, zote humetameta pamoja na programu haionyeshi ipi ni ipi. Njia tulivu ni kuzima, kuziacha zipoe, kuzifungua, kisha kuzichukua moja moja hadi kwenye taa ya mezani iliyo karibu na ruta. Huko kila moja hufundishwa peke yake na kurudishwa mahali pake.

Kabla ya kuanza, simu iwe kwenye jina jipya, bluetuthi na huduma ya mahali ziwe zimewashwa, na programu ya balbu iwe imeruhusiwa kuzitumia. Bila ruhusa ya mahali, simu za Android haziruhusu programu kusoma jina la waifai. Data ya simu izimwe kwa muda, maana simu hupenda kuikimbilia pale inapoona mtandao hauna intaneti. Balbu isifutwe kwenye programu. Katika programu nyingi, kikiongezwa tena kifaa kilekile kwenye akaunti ileile, jina lake na ratiba zake hubaki. Kikifutwa kwanza, ratiba ya taa ya uani kuwaka saa 12 jioni huandikwa upya.

Kisha huchaguliwa kuongeza kifaa, huandikwa nenosiri jipya, na husubiriwa dakika moja au mbili. Balbu ikiacha kumetameta na kutulia, imeingia. Ikiwa hesabu inakwama kila mara na balbu inaendelea kumetameta, sababu huwa moja kati ya tatu: nenosiri limekosewa, ulinzi ni WPA3 pekee, au simu iko kwenye gigahezi 5 na ruta imeyapa masafa mawili majina tofauti. Balbu haiwezi kueleza ni ipi, kwa hiyo zikaguliwe kwa mfuatano huo. Balbu za programu ya Smart Life zina njia ya pili: zikizimwa na kuwashwa upya hadi zimetemete polepole, hutoa mtandao wao wenyewe wenye jina linaloanza na "SmartLife-", na simu huingia humo kuipa balbu nenosiri ana kwa ana.

Balbu za Philips Hue zinazotumia kisanduku chao hazihitaji lolote kati ya haya. Huzungumza na kisanduku kwa mawimbi ya Zigbee, na kisanduku kwa kawaida huunganishwa kwa ruta kwa waya. Waifai ikibadilishwa, hazijui.

Kufunga hesabu

Kifaa cha mwisho kikishahamia, mtandao wa wageni wenye jina la zamani huzimwa. Kompyuta ya Windows inaweza kuambiwa ilisahau jina hilo kwa amri hii:

```
netsh wlan delete profile name="TABATA-4F"
```

Kisha swichi za taa huzimwa dakika moja na kuwashwa mara moja tu, runinga huchomolewa na kuchomekwa, na ukurasa mmoja huchapishwa. Jaribio hili linaonyesha kwamba kila kifaa kimelihifadhi jina jipya, wala hakikubebwa na daraja. Wageni hawana haja ya kutajiwa nenosiri: simu za Android tangu toleo la 10 hutengeneza msimbo wa QR wa mtandao, na kamera ya simu ya mgeni ikiusoma, inaingia. Akitakiwa mgeni asiingie kwenye mtandao wenye printa, mtandao wa wageni hufunguliwa tena, safari hii kwa jina na nenosiri lake jipya.

Mwisho, orodha ya ruta hufunguliwa na kulinganishwa na karatasi. Katika nyumba ya Tabata, chini ya jina "Mwembeni" kuna simu nne, kompyuta, runinga, printa na mistari minne ya "ESP_". Ni 11, na ile mistari miwili ya ziada haipo tena.